Safu ya Ushauri: Barua ya Kihispania kwa kazi ya hati za shehena

*Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa Likoni. Nimehitimu shahada ya usimamizi wa ugavi, na nilifanya mafunzo ya kazini katika kampuni ya klearingi hapa Mombasa. Kampuni moja ya Valencia inayonunua maparachichi ya Kenya imetangaza kazi ya mratibu wa hati atakayekaa papa hapa Mombasa. Tangazo lote ni la Kihispania, na masharti yake yanasema: «Imprescindible inglés fluido y español nivel medio. Se valorará suajili.» Nimesoma Kihispania katika masomo ya jioni hadi kiwango cha B1. Barua yangu niliiandika kwanza kwa Kiingereza kisha nikaigeuza, nayo inaanza hivi: «Querido Señor/Señora, Yo soy muy excitada de aplicar por la posición de Coordinador de Documentación en tu compañía. Yo soy un graduado trabajador, honesto y temeroso de Dios.» Je, niipeleke hivi kwa Kihispania au nirudi kwenye Kiingereza? Na niseme nini ilhali sijawahi kuajiriwa? Katika mafunzo nilikuwa nikilinganisha hati tu. Siku moja niliona kwamba nambari ya kontena katika rasimu ya hati ya shehena haifanani na ile iliyo katika cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS. Nikamwambia msimamizi wangu, ikarekebishwa kabla meli haijaondoka, lakini hilo ni jambo dogo.*

*Mhitimu, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Andika kwa Kihispania, na uandike upya kuanzia mwanzo badala ya kuitengeneza rasimu hiyo.

Sababu ya kukuambia uandike kwa Kihispania imo ndani ya tangazo lenyewe. Matangazo ya kazi ya Uhispania hutenganisha mambo mawili kwa maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Lililo chini ya «imprescindible» ni sharti, na asiyekuwa nalo huondolewa mapema. Lililo chini ya «se valorará» au «valorable» ni nyongeza itakayokuongezea uzito lakini haimfungii mtu mlango. Kwako Kihispania cha kiwango cha kati ni sharti, na Kiswahili, ambacho umekinyonya kwa mama, ni nyongeza. B1 katika ngazi za Ulaya ndicho kiwango ambacho waajiri huwa nacho akilini wanapoandika «nivel medio», kwa hiyo hukuvuka mpaka kwa kuomba. Ukipeleka barua ya Kiingereza, msomaji wa Valencia atajiuliza mara moja kama sharti hilo la pili umelitimiza, naye hana njia nyingine ya kujua isipokuwa kwa kukuona ukiandika.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mratibu wa hati atakuwa akiandika barua pepe fupi kila siku kwenda Valencia: kontena limepakiwa, cheti kimetoka, meli imechelewa, nambari fulani si sahihi. Barua yako ya maombi husomwa kama mfano wa barua pepe hizo. Haihitaji Kihispania cha fahari; inahitaji Kihispania ambacho wewe mwenyewe unaweza kukiandika tena Jumanne asubuhi bila msaada. Nimewaona vijana wakimpa mwalimu barua yao aipambe, ikarudi na sentensi ambazo wao wenyewe hawawezi kuzieleza. Kisha simu inapigwa, na sauti inayojibu si ya mtu aliyeandika ile barua. Tofauti hiyo huonekana katika dakika ya kwanza, na huharibu kuliko makosa ya sarufi, kwa sababu msomaji huanza kutilia shaka hata yale mengine uliyoyasema kwa kweli. Mwombe mwalimu wako wa jioni asahihishe makosa tu, wala asiongeze sentensi yoyote ambayo haikutoka kwako. Jipime kwa kusoma kila sentensi kwa sauti na kumweleza mwenzako maana yake bila kufungua kamusi, itakayokushinda, iondoe.

Sasa tutazame ule mwanzo wako, kwa maana karibu kila kosa lililomo limetoka katika Kiingereza kilicho chini yake. «Querido» ni la jamaa na wapenzi. Katika barua ya kazi huandikwa «Estimado» au «Estimada», na baada ya jina hufuata nukta mbili, si mkato, kisha aya huanza mstari mpya kwa herufi kubwa. Iwapo tangazo lina jina la mtu wa kuandikiwa, litumie. Wahispania huwa na majina mawili ya ukoo, na katika mazungumzo rasmi huitwa kwa lile la kwanza, kwa hiyo mtu anayejiandika, kwa mfano, Carmen Romero Vidal ni «señora Romero». Kumwita señora Vidal ni kumwita kwa jina ambalo kwa kawaida limetoka upande wa mama yake, na hudhihirisha kwamba mwandishi hajui desturi. Kama hakuna jina lolote, «Estimados señores:» inatosha.

Neno «excitada» liondoe leo hii. Katika Kihispania cha Uhispania linaelekea zaidi kwenye ashiki ya mwili kuliko kwenye furaha ya kupata nafasi, na binti hana haja ya kujitambulisha hivyo kwa mwajiri. Usitafute neno jingine la shauku la kuziba pengo lake, kwa sababu barua za kazi za kule huanza kwa kusema mtu anaomba nini, basi. Kitenzi «aplicar» kwa maana ya kuomba kazi husikika sana Amerika ya Kilatini, lakini katika ofisi ya Valencia kinachokaa vizuri ni «presentar mi candidatura» au «solicitar el puesto». Kazi yenyewe ni «puesto», na kampuni ni «empresa».

Lililo zito zaidi ni «tu compañía». Umemwambia mtu usiyemjua «kampuni yako» kwa namna ya kumsemesha rika. Barua ya maombi kwa kampuni usiyoizoea huandikwa kwa «usted», ambayo asili yake ni «vuestra merced», yaani namna ya heshima ya kumtaja mtu kwa cheo chake. Ndiyo maana hufuatana na kitenzi cha nafsi ya tatu ingawa unayesema naye yuko mbele yako. Kwetu pia mtu humuuliza mzee aliyeketi mbele yake, «Mzee anasemaje?», bila kumwambia «wewe». Ukiikumbuka namna hiyo hutababaika: «le escribo», «su empresa», «su oficina», «quedo a su disposición». Hatari kubwa ni kuchanganya, yaani kuanza kwa «usted» na kumalizia kwa «tu», kwani msomaji huona hapo kwamba sentensi zimeokotwa mahali mbalimbali. Baada ya kuandika, zipitie zote ukitafuta «tu», «te» na vitenzi vinavyoishia kwa -s vya nafsi ya pili, na usiache hata kimoja.

Jambo jingine ni kwamba umejiandika «graduado» na «Coordinador», nawe ni mwanamke. Kiswahili hakitenganishi jinsia katika maneno haya, kwa hiyo jicho letu hulipita kosa hilo bila kuliona. Andika «graduada» na «coordinadora», hata kama tangazo limeandika cheo kwa umbo la kiume. Kwa upande wa upatanisho wa maneno wewe una nafuu kuliko mwenzako aliyekulia katika Kiingereza, maana umezoea tangu utotoni kwamba kivumishi hufuata ngeli ya nomino yake. «Contenedores refrigerados» na «documentación completa» ni kazi ya aina ileile, isipokuwa ngeli ni mbili tu. Na ondoa «yo» kila mahali, kwa kuwa kitenzi cha Kihispania tayari kimebeba nafsi, kama vile «ninaandika» isivyohitaji kutanguliwa na «mimi».

Tukifika hapo, sentensi yako ya kwanza itakuwa hii:

«Me dirijo a usted para presentar mi candidatura al puesto de coordinadora de documentación en Mombasa. Soy graduada en Gestión de la Cadena de Suministro, con un título de cuatro años.»

Nimekuwekea ile miaka minne makusudi. Vyuo vya Uhispania sasa hutoa shahada ya kwanza iitwayo «grado», ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne, na kwa kuutaja muda huo msomaji hupata kulinganisha bila kulazimika kuuliza mfumo wetu ukoje. Taja jina la shahada kama lilivyo katika cheti chako, ukilitafsiri kwa uaminifu, wala usilikuze.

Sasa niseme juu ya bidii, uaminifu na kumcha Mungu. Sifa hizi ni njema, na nyumbani ni haki kuzitaja. Katika barua hii hazifanyi kazi kwa sababu msomaji hana namna ya kuzipima, na kila mwombaji hujisifu kwazo. Msomaji wa Valencia anataka kujua jambo moja: je, huyu binti ataiona hitilafu katika hati kabla haijanigharimu pesa? Nawe jibu unalo, ila umelificha mwishoni mwa barua uliyoniandikia mimi na kuliita jambo dogo. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu lazima wewe mwenyewe ujue kwa nini si dogo, ndipo uweze kulisimulia.

Tangu tarehe 14 Desemba 2019 matunda karibu yote mabichi yanayoingia katika Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama nanasi, nazi, ndizi, dorian na tende. Parachichi halimo katika msamaha huo, kwa hiyo kila shehena hutoka hapa na cheti cha KEPHIS. Mkaguzi wa bandari ya kuingilia huko Ulaya hulinganisha cheti hicho na hati nyingine pamoja na kontena lenyewe. Nambari zisipolingana, hana hakika kwamba shehena iliyo mbele yake ndiyo ile iliyokaguliwa Kenya, na kontena husimama mpaka karatasi zirekebishwe kutoka upande wa pili wa bahari. Kontena la baridi la futi 40 lenye paleti 20, kila paleti ikiwa na katoni 264 za kilo 4, hubeba katoni 5,280, yaani kilo 21,120 za matunda. Wakati huo wote linakula umeme, siku za bure za kampuni ya meli zinakwisha na gharama za kuchelewesha zinaanza kuhesabiwa, na tunda linaendelea kukaribia kuiva. Tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoacha njia ya Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zilirefuka, na mnunuzi akapungukiwa na siku za kuuza tunda zuri. Mtu anayemwondolea siku nne za kusimama bandarini amemwokolea fedha anazoweza kuzihesabu.

Tena ujue namna hitilafu hiyo inavyoweza kuonekana, kwa kuwa katika mahojiano utaulizwa. Nambari ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho ya uhakiki, ambayo hukokotolewa kutokana na zile kumi zilizotangulia kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 6346. Chukua nambari ya mfano CSQU3054383. Ukikokotoa, tarakimu ya uhakiki inatoka 3, na ndiyo iliyoandikwa. Karani akiteleza na kuandika CSQU3045383, akizigeuza 5 na 4 mahali pake, hesabu hutoa 1 badala ya 3, na hapo inajulikana kwamba nambari hiyo imekosewa hata kabla hujaliona kontena. Mifumo mingi ya kompyuta hulikamata kosa la namna hii. Isichoweza kukamata ni nambari ambayo ni sahihi kwa hesabu lakini ni ya kontena jingine, kwa mfano pale kontena lililopangwa lilipokuwa na hitilafu ya mashine ya baridi, likabadilishwa kwa jingine, na hati moja ikabaki na nambari ya zamani. Hapo ni jicho la mtu tu, aliyeziweka karatasi mbili kando kwa kando. Jaribu kukumbuka lako lilikuwa la aina gani, na kama hukumbuki, usibuni.

Basi aya ya katikati, ambayo ndiyo barua yenyewe, nakushauri iwe hivi:

«Durante mis prácticas en una agencia de aduanas de Mombasa revisé la documentación de contenedores refrigerados de aguacate. En una ocasión vi que el número de contenedor del borrador del conocimiento de embarque no coincidía con el del certificado fitosanitario. Avisé a mi supervisor y el documento se corrigió antes de la salida del buque.»

Tazama vitenzi vyake. Ni «revisé», nilikagua, «vi», niliona, «avisé a mi supervisor», nilimwarifu msimamizi wangu. Sikukuandikia kwamba wewe ndiwe uliyezungumza na kampuni ya meli, kwa sababu hukufanya hivyo, na atakayekuhoji ataanza kukuuliza uliongea na nani na ukajibiwa nini. Hakuna aibu kwa mwanafunzi kumwarifu msimamizi wake. Kinyume chake, ni utaratibu unaotakiwa. Vitenzi vyote isipokuwa «coincidía» vimo katika wakati uliopita wa tendo lililokamilika, ambao mwanafunzi wa B1 ameshausoma, na sentensi ni fupi kiasi kwamba hata ukiteleza hutaanguka mbali. Usitaje jina la mteja wala la kampuni iliyokuwa na kosa. Mwajiri mpya akiona umeanika mambo ya ofisi ya zamani, atajua kwamba ya kwake nayo yataanikwa.

Nimekuwekea pia maneno yanayotumiwa katika biashara hiyo nchini Uhispania. Hati ya shehena kwa maandishi ni «conocimiento de embarque», ingawa katika barua pepe za kila siku utawaona wakiandika B/L tu. Kampuni ya meli ni «naviera», na wakala wa usafirishaji wa mizigo ni «transitario». Rafiki aliyesomea au kufanya kazi na watu wa Meksiko atakufundisha «agente de carga» na «agente aduanal», na kwa ghala atakuambia «bodega» pale ambapo Valencia husema «almacén». Yote ni Kihispania sahihi, lakini tangazo lako ni la Valencia, nawe ufuate lugha ya anayekuajiri. Njia rahisi ni kulisoma tena tangazo na kuyatumia maneno yake yaleyale kwa vitu vilevile.

Ukitaka kutaja kiasi, angalia alama za tarakimu. Katika desturi ya Uhispania koma hutenga desimali, na wengi huandika nukta kutenga maelfu, kinyume cha tulivyozoea hapa, kwa hiyo «21.120 kg» kwao ni kilo elfu ishirini na moja na mia moja na ishirini, lakini kwetu mtu aweza kuisoma kama kilo ishirini na moja na kitu. Andika «5280 cajas» bila alama yoyote, na uzito uuandike «21 toneladas», na utata umekwisha. Mtu wa hati anayeonyesha kwamba analijua hilo amejieleza bila kujisifu.

Aya ya tatu ni ya lugha na mahali ulipo, na hapa nataka uwe mkweli kabisa:

«Mi lengua materna es el suajili y trabajo con soltura en inglés. Mi nivel de español es B1: leo y escribo correos de trabajo, y después de cada llamada confirmo los datos por escrito. La hora de Mombasa va una hora por delante de la de Valencia en verano y dos en invierno, de modo que puedo revisar los documentos antes de que abra su oficina.»

Majina ya lugha katika Kihispania huandikwa kwa herufi ndogo, na vivyo hivyo majina ya miezi. Kiwango chako umekitaja wazi, kisha mara moja umesema unachoweza kukifanya nacho. Ahadi ya kuthibitisha kwa maandishi si ya kuficha udhaifu. Ndivyo kazi ya hati inavyopaswa kufanywa hata na mwenye lugha, kwani nambari iliyosikiwa kwenye simu si nambari mpaka imeandikwa. Ila usiiandike kama hukusudii kuitimiza. Huhitaji kuwa na cheti cha lugha ili kuomba, maadamu tangazo halikukidai. Ukija kufanya mtihani baadaye, ujue kwamba cheti cha DELE hakina mwisho, na cha SIELE hudumu miaka mitano.

Kuhusu saa, wengi hawafikirii kuzitaja, lakini ni faida halisi ya kuwa na mtu Mombasa. Uhispania hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, nasi hatubadilishi, ndiyo maana tofauti huwa saa moja au mbili kutegemea majira. Rasimu ya hati iliyotolewa jioni na kampuni ya meli hapa yaweza kuwa imekaguliwa nawe asubuhi kabla mtu wa Valencia hajafungua ofisi.

Malizia kwa ufupi: «Adjunto mi currículum y quedo a su disposición para una entrevista.» Kisha mstari wake, «Atentamente,» na jina lako. Barua nzima haipiti ukurasa mmoja, na haina haja ya zile anwani mbili za pembeni wala mstari wa KUH: wenye herufi kubwa tuliofundishwa shuleni. Ukiituma kwa barua pepe, kazi ya mstari huo hufanywa na sehemu ya «Asunto», ambamo utaandika jina la kazi, nambari ya tangazo ikiwa ipo, na jina lako. Jina nalo lina jambo lake: ukijiandika kwa majina matatu kama ilivyo katika kitambulisho, msomaji wa kule atayachukua mawili ya mwisho kuwa ya ukoo na kukuita kwa la katikati. Hilo halidhuru, lakini ujue ndilo jina utakaloitwa nalo kwenye simu, usije ukakaa kimya ukidhani anaitwa mtu mwingine. Ukipendelea, jiandike kwa majina mawili, mradi yafanane katika barua, katika wasifu na katika jina la faili, kwa mfano `CV_Apellido_Nombre.pdf` ukiweka majina yako mahali pake. Nambari ya kitambulisho, dini na hali ya ndoa, ambazo wasifu wetu huzitaja, ziache.

Usikubali kutuma barua isiyo na alama zake. Neno «años», yaani miaka, likikosa kile kiwimbi juu ya n huwa ni jina la sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu, na barua nyingi za wageni zimefika zikiwa hivyo kwa sababu ya kibodi ya saibakafe. Katika kompyuta ya Windows shikilia kitufe cha Alt na uandike 164 kwenye vitufe vya tarakimu vya pembeni upate ñ; 160 hutoa á, 130 é, 161 í, 162 ó, na 163 ú. Kwenye simu shikilia herufi yenyewe mpaka alama zijitokeze. Kisha hifadhi barua kama PDF na uifungue katika simu nyingine uone kama alama zimebaki.

Barua ikishatoka, jiandae kwa simu, maana mwajiri aweza kukupigia bila kukuarifu. Jizoeze kusimulia kisa cha kontena kwa sentensi zilezile tatu za barua, kwa sauti, mpaka zikutoke bila kusita, kwa kuwa ndizo atakazoanza nazo. Jizoeze pia kutaja herufi na tarakimu za kontena kwa Kihispania, mojamoja, kwa sababu anaweza kukutajia nambari aone kama unaiandika sawasawa. Usipomsikia vizuri, usiseme «sí» kwa adabu kama tufanyavyo mbele ya wakubwa. Mwambie: «Perdone, ¿puede repetir el número, por favor?» Na kabla hajakata simu: «Si le parece bien, le confirmo estos datos por correo hoy mismo.» Kisha mwandikie siku hiyohiyo, mistari mitatu tu, ukiitaja nambari kamili aliyokupa.